Kapsuli Nne kwa Siku

Ukifika duka la dawa la mtaani ukasema unaendesha, hutaulizwa mengi. "Dada, nipatie dawa ya kufunga tumbo," unasema, na muuzaji anavuta boksi, anashika mkasi, anakata kipande cha karatasi chenye kapsuli nne, anakutilia kwenye kibahasha cha khaki. Mara nyingi anakuongezea na flajili hukuziomba. Unalipa, unaondoka. Boksi linabaki rafuni, na ndani ya boksi imebaki ile karatasi ya maelezo iliyokunjwa mara nyingi, yenye maandishi madogo, inayosema nani asiguse dawa hii na siku gani isiguswe kabisa.

Kapsuli zile ni loperamidi, kila moja ina miligramu 2. Wengine wanaijua kwa jina la Imodiamu. Kwa mtu mzima mwenye tumbo la kuendesha la ghafla, choo kikiwa maji matupu, ni dawa nzuri na ya siku nyingi. Lakini ni dawa yenye ukoo wa kushangaza, na ukoo huo ndio unaoeleza kwa nini kapsuli nne zinamfaa msafiri, kwa nini kapsuli mbili zinaweza kumdhuru mwenye kuhara damu, na kwa nini kapsuli hamsini zinaweza kusimamisha moyo wa kijana mwenye afya.

Ilitengenezwa mwaka 1969 katika maabara za kampuni ya Janssen, kwenye mji wa Beerse nchini Ubelgiji. Ni maabara hizohizo, chini ya Daktari Paul Janssen, zilizotoa fentanili, dawa ya maumivu yenye nguvu kupita mofini. Hilo si jambo la bahati nasibu, kwani loperamidi nayo ni ya jamii ya afyuni, damu moja na mofini, fentanili na heroini. Afyuni zote hufunga choo. Muulize mgonjwa yeyote wa saratani anayetumia mofini, atakwambia kwamba maumivu yametulia ila chooni hajaenda tangu Jumatatu. Watafiti wa Beerse walitaka dawa itakayobaki na tabia hiyo moja ya ukoo na kuziacha nyingine zote: isilevye, isimlaze mtu, isimzoeshe.

Walifanikiwa kwa kiasi kikubwa. Kuta za utumbo zina mtandao wake wa neva unaoamrisha misuli ibane na kuachia ili chakula kisogee. Loperamidi hukaa kwenye vipokezi vya neva hizo na kuzituliza. Utumbo unapunguza kasi, vilivyomo vinakaa muda mrefu zaidi, maji yanapata nafasi ya kunyonywa kurudi mwilini, na ule msuli unaobana njia ya haja kubwa unakaza. Mtu anayekimbilia chooni kila nusu saa anaanza kupumua.

Dawa yenyewe haifiki mbali na utumbo kwa sababu mbili. Kwanza, sehemu kubwa ya kile ulichomeza huvunjwavunjwa na ini kabla hakijaingia kwenye mzunguko mkuu wa damu. Pili, kichache kinachoponyoka na kufika kwenye mishipa ya ubongo kinakutana na bawabu. Ni protini iitwayo P-glikoprotini, iliyopangwa kwenye kuta za mishipa hiyo, na kazi yake ni kuitoa nje loperamidi kila inapojaribu kupenya. Kwa hiyo utumbo unapata afyuni na ubongo haupati, ndiyo maana dawa hii inauzwa bila cheti cha daktari wakati mofini inafungiwa kabatini kwa kufuli.

Tumchukue mtu mmoja. Ni mfanyabiashara wa nguo wa miaka 35, yuko Tanga, kesho yake ana basi la kwenda Dar es Salaam. Jioni amekula chakula cha barabarani, na saa nane usiku tumbo linamwamsha. Hadi saa kumi na mbili asubuhi ameshakwenda mara nne, maji matupu, na tumbo linasokota kidogo. Hana homa. Ameangalia choo, hakina damu wala makamasi. Anakunywa maji na hayatapiki. Hajatumia antibayotiki yoyote miezi ya karibuni. Huyu ndiye mtu ambaye loperamidi ilitengenezwa kwa ajili yake.

Anaanza na kapsuli 2 kwa pamoja, yaani miligramu 4. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanategemea tumbo lifunge papo hapo. Kapsuli huchukua saa nne hadi tano hivi kufikia kilele chake kwenye damu, ingawa nafuu huanza kabla ya hapo. Mtu aliyemeza mbili saa moja asubuhi, akaona saa mbili bado anaendesha, akaongeza mbili nyingine, na saa tatu mbili tena, anarundika dawa ambayo hata ile ya kwanza haijamaliza kupanda. Mchana tumbo litakuwa limejaa gesi na limekaza kama ngoma.

Utaratibu ni huu. Baada ya zile mbili za mwanzo, anameza kapsuli 1 kila baada ya choo kingine cha maji, na si kwa kufuata saa. Akienda saa tatu, anameza moja. Akienda tena saa saba mchana, moja nyingine. Sasa amefikisha nne, yaani miligramu 8, na hapo anasimama hadi kesho yake, hata akienda tena jioni. Miligramu 8 kwa siku ndicho kikomo kilichowekwa Marekani kwa mtu mzima anayejinunulia mwenyewe dukani. Daktari anayemfuatilia mgonjwa anaweza kuruhusu hadi miligramu 16, lakini uamuzi huo ni wa daktari. Nchi nyingine zimeandika vikomo tofauti kidogo kwenye maboksi yao. Mimi ningemwambia ndugu yangu ashike ile nane. Choo kikianza kushikana, anaacha. Hakuna dozi ya kumaliza kama ilivyo kwa antibayotiki, na kapsuli iliyobaki si lazima imezwe kwa kuwa imelipiwa.

Zikipita saa 48 na bado ni maji, dawa imeshindwa kazi, na kuendelea nayo ni kupoteza muda. Hapo anakwenda kituo cha afya kupimwa choo.

Wakati huohuo kuna kitu ambacho loperamidi haikigusi kabisa, nacho ni maji na chumvi ambavyo vimeshamwagika. Mfanyabiashara wetu anaweza kuona amepona kwa kuwa hajakwenda chooni tangu saa saba, kumbe anasimama kizunguzungu kinamshika, mkojo wake umekuwa wa rangi ya chai ya rangi, na mdomo umekauka. Dawa yake ya kwanza ilipaswa kuwa pakiti ya ORS kwenye lita moja ya maji safi, glasi moja au mbili kila baada ya choo, kabla hata ya kufikiria kapsuli. Asiye na pakiti huchanganya vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwenye lita moja ya maji. Vijiko viwe vya kupangusa juu, visiwe vya mlima. Mchanganyiko huo wa nyumbani una upungufu mmoja: hauna potasiamu, ambayo kwenye pakiti imo. Ndizi mbivu na maji ya dafu huziba pengo hilo vizuri, na mtu wa Tanga hana kisingizio cha kukosa dafu. Tutairudia hiyo potasiamu, kwa sababu moyo unaihitaji.

Sasa tubadilishe jambo moja tu kwenye kisa chetu. Mfanyabiashara yuleyule, usiku uleule, lakini alfajiri anaangalia choo na kuona damu na makamasi, na mwili unachemka. Hapo loperamidi haifai tena. Damu na homa huonyesha kwamba vijidudu, mara nyingi shigela, kampilobakta au salmonela, vimeshaingia kwenye ukuta wa utumbo na kuujeruhi. Kuhara kwake ni njia ya mwili kuvitoa nje pamoja na sumu zake. Ukiuzuia utumbo usisukume, umevifungia ndani na kuvipa muda wa kuendelea kula ukuta. Kuna aina ya bakteria wa E. koli wanaotoa sumu inayoharibu figo, na hao nao huja na choo cha damu. Aliyeanza na kapsuli kwa ajili ya maji, kisha damu ikaonekana mchana, anaacha saa hiyohiyo na kwenda hospitali.

Kitu kinachoogopwa zaidi ni utumbo mpana kupooza na kufura. Hausukumi tena, gesi inajaa, ukuta wake unatanuka hadi kuwa mwembamba, na ukipasuka uchafu unamwagika tumboni. Dalili yake kwa macho ya kawaida ni tumbo linalozidi kuvimba huku choo kikikoma, maumivu yakiongezeka badala ya kupungua, na mgonjwa kuanza kutapika. Watu wa nyumbani huiona dalili hii wakafurahi: si amefunga sasa? Ndiyo, amefunga, lakini mtu aliyepona tumbo lake ni laini, anajamba na anadai chakula. Huyu tumbo limekaza, hatoi hata hewa, na anajikunja. Ni mtu wa kupelekwa hospitali usiku huohuo.

Wapo watu ambao hatari hii iko karibu nao zaidi. Mwenye ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, ule unaoamka na kulala kwa miaka, asiiguse dawa hii ugonjwa unapoamka. Aliyemaliza au anayeendelea na antibayotiki, kisha akaanza kuendesha, naye asubiri, kwa sababu antibayotiki huua bakteria wema wa tumboni na kumwachia nafasi bakteria mmoja mkaidi aitwaye klostridiamu difisile, ambaye sumu yake huunguza utumbo mpana. Hapa kwetu, ambako siprofloksasini na amoksilini hununuliwa nusu dozi kama karanga, swali la "umetumia antibayotiki lini?" lilistahili kuulizwa kaunta kila mara. Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI ambaye kinga yake imeshuka anaweza kuitumia kwa ushauri wa daktari, lakini tumbo likionyesha dalili ya kwanza ya kuvimba anaacha bila kusubiri ya pili. Mwenye ini bovu hana ule ulinzi wa kwanza niliousema, kwa hiyo dozi ya kawaida kwake si ya kawaida.

Kipindupindu kina sura yake. Choo kinakuwa kama maji yaliyooshea mchele, hakina damu, mara nyingi hakuna homa, na kwa kanuni za juujuu mtu angedhani ni mgonjwa wa loperamidi. Siye. Katika kipindupindu utumbo wenyewe unamwaga maji ndani yake kwa wingi wa kutisha, hata lita moja kwa saa kwa mgonjwa mahututi. Kuufanya uende polepole hakuzuii umwagaji huo. Maji yanarundikana ndani ya utumbo, yametoka kwenye damu lakini hayajatoka nje ya mwili, na anayehesabu vyoo anadanganyika kwamba hali imetulia huku mgonjwa akikauka. Mtaani kukiwa na kipindupindu, mwenye kuendesha maji mfululizo anapewa ORS akiwa njiani kwenda kituoni.

Kuhusu watoto nitasema kwa kifupi, maana makala hii ni ya watu wazima, ila kapsuli zilizobaki kwenye droo hazijui hilo. Wakati mmoja loperamidi iliuzwa kama matone ya watoto. Huko Pakistan watoto wachanga waliopewa matone hayo walifikishwa hospitali utumbo umepooza, baadhi wakafa, na mwaka 1990 matone yakaondolewa sokoni. Bawabu wa ubongo wa mtoto mchanga hajakomaa, kwa hiyo afyuni hii humfikia na kumpunguzia pumzi. Mtoto anayeharisha hupewa ORS na zinki. Kapsuli ya baba haifunguliwi ikamwagwa kwenye kijiko.

Sasa tufike kwenye moyo. Habari hii ilianzia Marekani, na kwa kiasi kikubwa ni ya Marekani.

Huko dawa za maumivu za jamii ya afyuni zilitapakaa kiasi kwamba watu wengi walizoea na kushindwa kuziacha. Dawa zilipobanwa, wakabaki na kile ambacho mateja wa Pwani yetu wanakiita arosto: mwili unauma, jasho, kukosa usingizi, tumbo kusokota na kuendesha. Loperamidi ilikuwa dukani, rahisi, haihitaji cheti. Baadhi yao wakagundua kwamba ukimeza nyingi mno, ini na bawabu huzidiwa, dawa inafurika na kiasi fulani kinapenya hadi kwenye ubongo. Ikapewa jina la utani, methadoni ya maskini. Hatuzungumzii kapsuli sita badala ya nne. Katika taarifa zilizokusanywa na mamlaka ya dawa ya Marekani, watu walikuwa wakimeza kuanzia miligramu 64 hadi 1,600 kwa siku. Miligramu 64 ni kapsuli 32. Miligramu 1,600 ni kapsuli 800, yaani bakuli zima la supu.

Tarehe 7 Juni 2016 mamlaka hiyo ilitoa onyo. Tangu dawa iruhusiwe huko mwaka 1976 hadi mwisho wa 2015 ilikuwa imepokea taarifa 48 za matatizo makubwa ya moyo yanayohusishwa na loperamidi. Watu 31 walilazwa na 10 walikufa. Zaidi ya nusu ya taarifa hizo ziliripotiwa baada ya 2010. Ukizingatia mamilioni ya watu wanaoitumia dawa hii, 48 ni idadi ndogo, na ndivyo inavyopaswa kusomwa: hakuna sababu ya mfanyabiashara wetu wa Tanga kuogopa kapsuli zake nne. Ila kilichowapata wale 48 kinaeleweka vizuri, na kinaweza kumpata yeyote atakayemeza kama wao.

Kila pigo la moyo huanza na umeme mdogo unaosambaa kwenye misuli yake. Misuli inabana, damu inasukumwa, kisha kila seli inapaswa kujiweka sawa tena kabla ya umeme unaofuata. Kujiweka sawa huko hufanyika kwa potasiamu kutoka nje ya seli kupitia vitundu maalumu. Loperamidi ikiwa nyingi kwenye damu huviziba vitundu hivyo. Pia hubana vile vya sodiamu, na umeme wenyewe unasambaa polepole. Moyo unachelewa kujiandaa. Pigo jipya likija wakati baadhi ya seli bado hazijawa tayari, umeme unapotea njia, unaanza kuzunguka hovyo, na vyumba vikubwa vya moyo badala ya kubana vinatetemeka. Damu haiendi kokote.

Kwa anayetazama, mtu aliyekuwa amekaa anaongea anaanguka ghafla. Anaweza kutingishika mikono na miguu kwa sababu ubongo umekosa damu, na walio karibu husema ni kifafa. Wakati mwingine mapigo hujirudisha yenyewe na anaamka baada ya nusu dakika, akijishangaa. Kijana aliyezimia hivyo mara mbili kwa siku moja bila kuwa na historia ya kifafa anahitaji kipimo cha umeme wa moyo kabla ya kingine chochote, kile cha kubandika nyaya kifuani na kutoa mistari kwenye karatasi. Kwenye mistari hiyo daktari hupima urefu wa kipindi kiitwacho QT, yaani tangu misuli inapoanza kupata umeme hadi inapokuwa tayari tena. Kwa waliozidisha loperamidi kipindi hicho hurefuka kupita kiasi.

Visa vilivyoandikwa na madaktari wa huko vinafanana sana. Kijana analetwa na gari la wagonjwa baada ya kuanguka nyumbani. Mistari ya moyo imeharibika, lakini sababu haionekani. Anapimwa mkojo kutafuta dawa za kulevya na majibu yanasema hakuna afyuni, kwa sababu vipimo vya kawaida vya mkojo haviioni loperamidi. Akiulizwa anatumia dawa gani hasemi, au anasema hatumii chochote. Nani anahesabu dawa ya tumbo kuwa dawa? Inajulikana siku ya pili, pale mama au mwenza wake anapokuja na mfuko wa chupa tupu alizozikuta chini ya kitanda. Ndugu wa mgonjwa wanaweza kuokoa siku nzima kwa kusema jambo hilo mapema, na hakuna aibu inayozidi hiyo siku.

Kuna njia ya kufika karibu na hatari hii bila kukusudia, nayo ni kuchanganya dawa. Zipo dawa zinazolizuia ini lisiivunje loperamidi au zinazomfumba macho bawabu. Ritonaviri, iliyomo ndani ya baadhi ya mchanganyiko wa ARV wa mstari wa pili, ni mojawapo. Nyingine ni itrakonazoli na ketokonazoli za fangasi, na erithromaisini na klarithromaisini ambazo ni antibayotiki. Itrakonazoli peke yake imeonekana kupandisha kiwango cha loperamidi kwenye damu karibu mara nne. Upande mwingine zipo dawa zinazorefusha QT zenyewe, kama kwinini na methadoni, na ukiziweka pamoja na loperamidi nyingi zinasaidiana kufanya ubaya. Ongeza na ile potasiamu. Aliyeendesha siku tatu ameipoteza kwa wingi, na moyo wenye upungufu wa potasiamu huchelewa kujiandaa hata bila dawa yoyote. Anayemeza kapsuli juu ya kapsuli kwa kuwa tumbo halifungi anaujaribu moyo wake siku ambayo umejiandaa vibaya kuliko siku zote.

Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha vifungashio vidogo: boksi lisizidi miligramu 48, yaani kapsuli 24, na kila moja ifungwe peke yake ili kuzitoa nyingi kwa mpigo kuwe kazi. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka muuzaji wetu na mkasi wake. Bila kutumwa na mtu, anauza nne nne, kiasi ambacho Wamarekani walihitaji miaka na vifo kukikaribia. Kilichobaki ni maneno ya kwenye karatasi, ambayo mkasi hauwezi kuyakata na kuyagawa. Maswali manne yangetosha: kuna damu? kuna homa? unatumia dawa gani nyingine? ni ya nani, yako au ya mtoto?

Kwenye Pwani yetu kuna unga, na kuna arosto. Kuna pia tiba. Kliniki ya methadoni ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011, na nyingine zikafuata. Mtu anayeacha unga akiharisha, daktari anaweza kumpa loperamidi kwa dozi ileile ya kawaida, na ni matumizi halali kabisa. Tatizo ni yule anayeisikia habari ya methadoni ya maskini na kuamua kujitibu arosto mwenyewe kwa vidonge vya kuhesabu kwa makumi. Akiwa tayari anakunywa methadoni kliniki na anaongezea hizo pembeni, ana vitu viwili vinavyovuta QT kwa pamoja, na kliniki haijui. Muuzaji anayeona mteja yuleyule akirudi kila siku kutaka karatasi nzima nzima ana kitu cha kumuuliza, kwa upole.

Akianguka, kwanza angalia kama anapumua. Hapumui, mwite msaada na uanze kukandamiza kifua katikati kwa nguvu na haraka, mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, hadi apatikane wa kukupokea. Hospitalini kuna naloksoni, dawa inayofungua pumzi iliyozuiwa na afyuni, na hufaa kama mgonjwa amelegea na anapumua kwa shida, lakini vile vitundu vya moyo haivizibui. Moyo hutibiwa kwa magnesiamu ya sindano, kurudisha potasiamu, kushtuliwa kwa umeme ukianza kutetemeka, na wakati mwingine waya wa muda wa kuuendesha kwa kasi.

Kisha ni kusubiri. Kwa dozi ya kawaida nusu ya loperamidi hutoka kwenye damu kwa takribani saa 11. Kwa dozi kubwa hukawia zaidi, na mistari ya moyo iliyonyooka asubuhi inaweza kuharibika tena jioni. Ndiyo maana mgonjwa huyu hubaki na nyaya kifuani kwa siku kadhaa, hata kama ameamka, anaongea vizuri, na anamwambia kila nesi anayepita kwamba yeye alikuwa anaumwa tumbo tu.